Kwenye gemu nilikuwa bingwa, kwenye simuleta gari linanizungukia

"Shikamoo mwalimu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Gemu za magari nimecheza tangu nikiwa darasa la nne na hakuna anayenifunga mtaani. Juzi nimepata kompyuta iliyotumika nikaweka simuleta mbili, Assetto Corsa ya magari na X-Plane ya ndege, natumia padi. Kila kona gari linazunguka, na nikigusa breki ndiyo linazidi. Ndege ndiyo kabisa: Cessna nikiirusha hapa Dodoma inavutika kushoto barabarani, nikivuta inyanyuke inapanda kidogo halafu inadondoka. Rafiki yangu anasema simuleta zimetengenezwa ngumu makusudi. Je, ni kompyuta, padi au mimi? Na itanisaidia nikienda kujifunza gari la kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Kompyuta yako ni nzima, na wewe hujapoteza kipaji. Padi inachangia kidogo, nitaifikia. Kikubwa ni kwamba ulichokizoea na ulichokiweka sasa vinafanana kwa picha tu. Ndani vinafanya kazi mbili tofauti kabisa, na ukishaiona tofauti hiyo kwenye tairi utaiona ileile kwenye bawa la ndege.

Kwenye gemu za akedi, yaani zile za burudani tu ulizozizoea, ukibonyeza kushoto, programu inaligeuza gari lenyewe. Inachukua bodi, inaizungusha kiasi fulani kwa sekunde, halafu inaupinda mwendo ufuate pua. Matairi unayoyaona yakikata ni mapambo. Ukigonga breki katikati ya kona, mtengenezaji ameshaamua kwamba hiyo ni ishara ya kuserereka, kwa hiyo gari linakwenda kiubavu vizuri, linatoa moshi, na linatoka upande wa pili likiwa limenyooka. Kuna mkono usioonekana unalishika muda wote. Hilo si kosa. Mchezo umekusudiwa ufurahishe dakika ya kwanza, na hufurahisha kweli.

Simuleta hailigeuzi gari. Wewe unageuza magurudumu ya mbele tu, basi. Gari litakata kona kama matairi yatapata nguvu ya kulisukuma pembeni, na nguvu hiyo inahesabiwa tairi kwa tairi, mara nyingi kila sekunde. Kwa hiyo hakuna aliyekaa akaamua iwe ngumu. Rafiki yako anafikiri kuna kitu kimeongezwa, kumbe kilichotokea ni kwamba ule mkono umeondolewa.

Sasa tairi lenyewe. Sehemu inayogusa lami kwa kila tairi ni kama upana wa kiganja. Unapokata usukani, mpira unaogusa chini hauendi moja kwa moja kule gurudumu linakoelekea. Unajipinda. Gurudumu linaelekea huku, gari linakwenda pembeni kidogo ya huko, na kati ya mielekeo hiyo miwili kuna pembe. Mafundi huiita pembe ya mtelezo. Ndiyo inayozaa nguvu ya kukata kona: bila pembe, hakuna nguvu.

Mwanzoni pembe ikiongezeka, nguvu inaongezeka nayo karibu sawasawa. Kwa tairi la kawaida la barabarani inaendelea hivyo hadi kwenye nyuzi 6 hadi 10 hivi, na hapo imefika kileleni. Ukipita hapo, kuongeza pembe kunapunguza nguvu. Tairi limeachia. Mchoro huo wa kupanda, kufika kileleni na kushuka ndio ambao Hans Pacejka, mhandisi wa Uholanzi, aliuandikia fomula inayotumika sana, na simuleta nyingi za magari zimejengwa juu yake au juu ya kitu cha jamaa yake. Gemu la akedi halina kilele. Huko kukata zaidi siku zote ni kugeuka zaidi, na miaka yote hiyo vidole vyako vimejifunza hivyo.

Tuichukue kona moja tuipige hesabu. Tuseme ina nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu, na unaingia na kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Mwendo mara mwendo, gawa kwa nusu kipenyo: 400 kwa 50, unapata 8. Hizo ni mita 8 kwa sekunde kwa kila sekunde ambazo matairi yanatakiwa kuzitoa kwenda pembeni. Matairi mazuri ya barabarani kwenye lami kavu hutoa 9 mpaka 10, kwa hiyo unapita, umebakiza kidogo. Sasa ingia na 90. Ni mita 25 kwa sekunde. 625 kwa 50 ni 12.5. Umeongeza kilomita 18 tu kwenye mita ya kasi, lakini unachoyadai matairi kimepanda kwa zaidi ya nusu. Hayana hicho. Na kona hiyohiyo ikiwa ya vumbi, ambako mshiko unaweza kuwa nusu tu ya ule wa lami, mwisho wako ni karibu 56. Hesabu haibembelezi.

Nakueleza kinachokutokea, na ukitazama marudio ya mbio zako polepole utaona ni hivi. Unaingia na 90. Matairi ya mbele yanafika kileleni na kupita, gari linakwenda mbele badala ya kukata. Wewe, kwa mazoea, unasukuma kijiti cha padi mpaka mwisho. Pembe inazidi, nguvu inapungua, gari linazidi kunyooka kwenda nje. Unashtuka, unagonga breki. Hapo uzito wa gari unahamia mbele. Mbele kunakandamizwa na mwendo umepungua kidogo, kwa hiyo matairi ya mbele, ambayo bado umeyakata mpaka mwisho, yanashika ghafla na kuivuta pua ndani. Nyuma kumekuwa kwepesi, matairi ya nyuma hayana cha kushikia, yanaachia. Mkia unakuja mbele. Umezunguka, na unaapa kwamba gari limezunguka lenyewe. Hata kuachia mafuta ghafla katikati ya kona kunatosha kufanya hivyo kwenye baadhi ya magari, hasa yanayobeba injini nyuma.

Dawa iko kinyume na silika yako: gari likinyooka kwenda nje, punguza usukani kidogo. Ndiyo, kidogo, urudi upande wa pili wa kilele, na uachie mafuta taratibu. Utalisikia likishika tena.

Breki nazo zina hesabu yake. Tairi lina nguvu moja tu, na inagawanywa kati ya kukata na kusimamisha. Lakini haigawanywi kwa kutoa tu. Kwa kuwa moja inavuta pembeni na nyingine nyuma, zinakutana kwa pembe mraba, kama ile kanuni ya Pithagoras uliyosoma sekondari. Chukua uwezo wote kuwa 10. Ukitumia 8 kukata kona, za breki zimebaki 6, kwa sababu 8 mara 8 na 6 mara 6 zinajumlishwa kuwa 100. Sita si haba. Ila ukitumia zote 10 kukata, za breki ni sifuri, na ukigusa kanyagio unachota pasipo na kitu. Ndiyo maana madereva wa mbio hukanyaga breki kwa nguvu barabara ikiwa imenyooka, kisha wanaiachia kidogokidogo kadiri wanavyoongeza usukani. Jaribu hilo kwa kona yako moja kabla hujabadilisha mpangilio wowote.

Kuna sababu nyingine inayokufanya uingie na 90 bila kujua. Gemu za akedi hutanua picha ili pembeni mwa barabara pakimbie, nawe uhisi kasi. Simuleta iliyopangwa vizuri inaonyesha upana ambao jicho lingeuona kupitia kioo cha ukubwa wa skrini yako, na kwenye skrini ndogo hiyo ni picha nyembamba. Kilomita 90 zinaonekana kama 50. Kwa wiki za mwanzo usiyaamini macho yako. Soma mita ya kasi kabla ya kila kona.

Padi sasa. Usukani wa gari la kweli unauzungusha kwa mikono, na inachukua muda. Kijiti cha padi kinafika mwisho kwa kufumba na kufumbua. Nenda kwenye mpangilio wa vidhibiti, punguza kasi ya usukani kuitikia kijiti, na ongeza ile sehemu inayopunguza usukani kadiri mwendo unavyopanda. Kabla ya hapo hakikisha padi si mbovu: kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `joy.cpl`, fungua sifa za padi yako, uiachie mezani. Alama ya msalaba ikikaa katikati bila kutembea, padi haina shida. Ikicheza yenyewe au ikivutika upande mmoja, kijiti kimechoka, na hakuna mpangilio utakaokiponya.

Nije kwenye ndege, maana hapa ndipo jambo linapopendeza. Bawa linafanya kazi kama tairi. Nalo linahitaji pembe: pembe kati ya bawa na upepo linaokutana nao. Pembe ikiongezeka, ubebaji unaongezeka, mpaka kwenye nyuzi 15 au 16 hivi kwa ndege ndogo kama Cessna 172. Ukipita hapo hewa inabanduka juu ya bawa, na bawa linaachia. Kilele kilekile. X-Plane inalikata bawa vipande vipande na kuhesabu hewa inavyokipiga kila kipande, kwa hiyo kilele kimo humo ndani.

Kwenye ndege za akedi, pua ikitazama juu, ndege inakwenda juu. Kwenye simuleta pua ni kitu kimoja na njia ya ndege ni kingine. Ndege inaweza kuwa na pua iliyonyooka kabisa huku inashuka, upepo unaipiga kutoka chini, na bawa limeshaachia. Ukivuta hapo unaongeza pembe, na unaongeza tatizo. Ni sawa na kukaza usukani wa gari lililonyooka kwenda nje. Dawa nayo ni ileile: legeza. Sukuma kidhibiti mbele upunguze pembe, weka nguvu yote, nyoosha mabawa, na mwendo ukirudi ndipo uinue pua taratibu. Inataka moyo, kuisukuma pua chini wakati ardhi iko karibu, na ndiyo maana marubani huzoezwa jambo hili juu sana.

Kuvutika kushoto barabarani si ubovu wala si padi. Propela ya Cessna, ukiitazama kutoka kwenye kiti cha rubani, inazunguka kama mishale ya saa. Mzunguko huo na hewa inayojisokota kuzunguka bodi mpaka kwenye mkia vinaipeleka pua kushoto, hasa ukiwa na nguvu yote na mwendo mdogo. Rubani wa kweli anakanyaga pedali ya kulia. Wewe kwenye padi tafuta kitufe kinachoongoza usukani wa mkia, na uupeleke kulia kidogo tangu unapoanza kukimbia. Akedi hufuta nguvu hizo zote, kwa hiyo hujawahi kukutana nazo.

Kisha kuna Dodoma yenyewe, na hapa nakuhurumia, maana umejichagulia uwanja mgumu bila kujua. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 1,100. Kwa urefu huo, joto ambalo vitabu vya ndege hulichukulia kuwa la kawaida ni karibu nyuzi 8 za Selsiasi. Mchana wetu wa 30 umezidi kwa nyuzi 22. Kila nyuzi iliyozidi huhesabiwa kama futi 120 hivi za ziada, kwa hiyo ndege yako inahisi hewa ya futi 6,300 kabla haijaondoka ardhini. Injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Umeshapoteza kama moja ya tano ya injini ukiwa bado unakimbia kwenye lami.

Ongeza na hili: kuna wenzo mwekundu wa kupima mafuta na hewa, na wewe bila shaka umeuacha mbele kabisa, kama ilivyo pwani. Kitabu cha Cessna 172 kinaelekeza kwamba kwenye viwanja vya juu ya futi 3,000 mchanganyiko upunguzwe mpaka injini itoe nguvu yake yote. Dodoma imeshapita hapo. Kabla ya kuondoka, shika breki, weka nguvu yote, vuta wenzo huo taratibu huku unatazama mizunguko ya injini. Itapanda, kisha itaanza kushuka. Rudisha kidogo mbele ya pale ilipopanda zaidi. Hapo umejirudishia nguvu uliyokuwa unaitupa.

Mita ya kasi ya ndege haikudanganyi, kwa sababu inapima msukumo wa hewa ambao bawa nalo linausikia. Ikisoma noti 55, noti ikiwa kipimo cha mwendo wa ndege, bawa linajisikia la noti 55, iwe Tanga au Dodoma. Ila kwenye hewa hii nyembamba ndege inakimbia ardhini karibu na noti 60 ili kusoma hizo 55, kwa hiyo inakula barabara ndefu zaidi, na injini yenyewe imechoka. Wewe unaona barabara inaisha, unavuta. Ndege inanyanyuka kidogo kwa sababu karibu na ardhi bawa hupata nafuu, inatoka kwenye nafuu hiyo, mwendo unaanguka, honi ya onyo inalia, unavuta tena. Chini. Badala yake iache inyanyuke, ishushe pua iwe karibu sawa na upeo wa macho, subiri mita isome 70 na kitu, ndipo upande. Itapanda polepole. Mchana wa Dodoma ndivyo ulivyo, na asubuhi saa kumi na mbili utaikuta ndege tofauti.

Onyo moja kuhusu kona za angani. Ukiilaza ndege nyuzi 60 bila kupoteza kimo, bawa linabeba uzito mara mbili. Kama linaachia kwenye noti 50 ukiruka sawa, sasa linaachia kwenye 70. Kwenye akedi unaweza kulala hivyo mwendo wowote upendao.

Rafiki yako hata hivyo ana haki mahali pamoja. Simuleta si ukweli mtupu. Kabla ya kilele zinaaminika sana. Baada ya kilele, tairi linapoteleza kabisa au ndege inapozunguka ikianguka, zinabahatisha zaidi. Barabara za changarawe na vumbi nazo ni dhaifu kwenye simuleta nyingi zilizotengenezewa viwanja vya mbio. Na kama gari unaloendesha umelipakua bure mtandaoni, huenda aliyelitengeneza amekisia namba za matairi. Jaribu kwanza gari lililokuja na Assetto Corsa yenyewe. Kwa gemu lolote usilolijua, fanya hivi: tafuta uwanja mpana, fika kilomita 100 kwa saa, kata usukani wote ghafla. Gari likigeuka kwa utii, ni akedi. Likinyooka mbele huku matairi yakilia, kuna fizikia humo. Gemu nyingi ziko katikati, zinahesabu matairi lakini mkono wa kusaidia umeachwa umewashwa. Mara nyingi unaweza kuuzima kwenye mpangilio.

Kuhusu gari la kweli, nitakuambia ninachokiona kwa wanafunzi wanaotoka kwenye simuleta. Wanapunguza mwendo kabla ya kona, na wanatazama mbali. Hayo ni ya thamani. Lakini mwili wao haujawahi kuvutwa pembeni na kiti, hawatazami vioo, na hawajui kwamba bodaboda anaweza kukata mbele yao bila taa. Padi haina klachi. Magari yetu yana usukani kulia, gia mkono wa kushoto, na tunapita kushoto, wakati magari mengi ya Assetto Corsa yana usukani kushoto. Mkono utakaotafuta gia utakuwa mwingine. Na saa zako za X-Plane nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni ya urubani.

Kwa hiyo pata leseni ya kujifunzia, nenda shule ya udereva iliyosajiliwa au VETA, na siku ya kwanza mwambie mwalimu kwamba umecheza gemu miaka mingi, ili akutazame mguu wa breki na mkono unaokata ghafla. Usijaribu kilele cha tairi kwenye barabara ya Iringa wala ya Kondoa, hata usiku ikiwa tupu. Ukihisi kichefuchefu ukiwa kwenye simuleta, simama mara moja upumzike. Kikiendelea hata baada ya kuacha, muone daktari. Na kama `joy.cpl` imeonyesha kijiti kinatembea chenyewe, ipeleke padi kwa fundi wa simu abadilishe kijiti kabla hujagusa mpangilio wowote.